Kucha za jeli za elfu kumi: hela inaishia wapi?

"Dada, chupa ya rangi ya jeli nanunua elfu tisa na inapaka wateja kama thelathini. Mteja namtoza elfu kumi, kwa siku napata watatu. Nikishalipa meza saluni nilitakiwa kubaki na laki sita na ushee kwa mwezi. Mbona siioni?"

Rangi ni mojawapo ya gharama ndogo zilizopo mezani. Hela kubwa inaondoka kwenye vitu unavyotupa, kwenye kuondoa jeli ya zamani, na kwenye dakika unazosafisha baada ya mteja kusimama. Tuchukue seti moja ya mikono miwili, kucha za asili, mteja amekuja na jeli ya mwezi uliopita. Bei nitakazotumia ni za mfano. Wewe weka za risiti zako, maana Kariakoo duka na duka hazifanani.

Tuanze na hiyo rangi. Chupa ni ya mililita 15. Mikono miwili, rangi mara mbili, inakula karibu nusu mililita, kwa hiyo thelathini zako ni sahihi na kila mteja anabeba Sh 300. Ukitaka uhakika, pima chupa kwenye mzani mdogo ule wa kupimia vito, kabla na baada ya mteja. Lakini hebu angalia kabati. Una rangi arobaini. Nyekundu, nyeusi na ile ya maziwa zinaisha, na nyingine zinazeeka humo hadi zinakuwa nzito kama uji na hazitandazi tena. Hizo nazo ulizinunua. Njia ya kweli ni kujumlisha hela yote uliyonunulia rangi kwa mwaka, kisha kugawa kwa idadi ya wateja wa mwaka huo. Kama nusu ya unachonunua hakitumiki, Sh 300 inakuwa 600. Ongeza besi na topu, ambazo zinapakwa mara moja moja na hazina hasara ya kubaki: kama Sh 540 kwa pamoja. Jumla ya kupaka ni Sh 1,140.

Sasa vile vinavyoishia kwenye ndoo ya taka. Faili na bafa ndivyo vinavyouma, Sh 1,250 kwa pamoja, na wengi hawavihesabu kwa sababu faili moja wanaipitisha kwa watu kumi. Isifanyike hivyo. Faili na bafa vina vitundu, vinashika unga wa kucha na ngozi, na hakuna dawa inayovisafisha hadi ndani. Vitumie kwa mteja mmoja tu, umpe aondoke navyo au uvitupe. Glavu, barakoa, vitambaa visivyoacha nyuzi, spiriti, kijiti cha mti na tone la mafuta ya ngozi vinafika Sh 790. Asetoni mililita 30, pamba na vipande kumi vya foili vya kuondolea jeli ya zamani ni Sh 720. Hapo tumeongeza Sh 2,760, zaidi ya mara mbili ya gharama ya kupaka.

Halafu taa. Hapa watu wanakosea kwa pande mbili. Wapo wanaoogopa umeme. Taa ya wati 48 ikiwaka dakika 12 kwa mteja mmoja (tabaka nne, na kwa kila tabaka vidole vinne vya mkono huu, vinne vya ule, kisha dole gumba zote mbili peke yake) haifikishi hata shilingi 4 za LUKU. Wengine wamesoma kwenye boksi kwamba taa inadumu saa 50,000 na wanaona haichakai kamwe. Zile saa zinahusu vibalbu vyenyewe, na hata hivyo ni maisha yake vikiwa katika hali nzuri. Kinachokufa kwanza ni adapta, kihisi kinachowasha ukiingiza mkono, au feni, hasa umeme unapopanda na kushuka. Na vibalbu vinapakwa jeli taratibu. Mteja akigusa ukuta wa ndani kwa kucha mbichi, tone linaganda juu ya kibalbu, na tangu siku hiyo upande ule mwanga ni hafifu.

Tuseme taa ni Sh 60,000 na umeamua kuibadilisha kila mwaka. Kwa wateja watatu kwa siku, siku 26 kwa mwezi, unakuwa umehudumia zaidi ya watu 900. Kila mmoja anabeba Sh 67, na umeme ukiingia haifiki 75. Ni kidogo mno. Lakini taa iliyochoka inakudai kwa njia nyingine: jeli haikauki hadi chini, ndani ya siku chache inabanduka yote kama ganda, na mteja anarudi urekebishe bure. Jicho halioni mwanga ukipungua, kwa hiyo angalia dalili. Rangi nzito, yaani nyeusi, bluu iliyokolea na nyeupe, ndizo zinazoanza kujikunja. Ukifuta ule utelezi wa juu kwa spiriti, kitambaa kinatoka na rangi. Kuna jaribio la kupaka tabaka jembamba kwenye kucha ya plastiki, kuikausha na kuikunja. Ikitoka laini upande wa chini, taa imekwisha. Jaribio hilo likipita bado si cheti, kwa sababu juu panaweza kuwa pagumu huku chini pakiwa pabichi. Na wati 48 hazikuambii kwamba taa inaendana na jeli yako. Kila jeli inahitaji mwanga wa urefu fulani wa mawimbi, kwa kawaida nanomita 365 au 405, ndiyo maana jeli nzuri kwenye taa isiyo yake inaweza kubaki mbichi.

Jeli mbichi ikigusa ngozi mara kwa mara inaweza kuleta mzio wa akrileti: vidole vinawasha, vinapasuka, ngozi inavimba. Ukishaupata huwa hauondoki, na fundi yuko hatarini kuliko mteja kwa sababu anashika jeli kutwa. Mimi taa ya zaidi ya mwaka siitumii kwa mteja, hata kama bado inawaka vizuri.

Tuje kwenye muda. Kuondoa jeli ya zamani ni dakika 25: unasugua topu ili asetoni ipenye, unafunga pamba na foili, unasubiri dakika 10 hadi 15, unasukuma, na vidole viwili vitatu lazima urudie. Ukikimbilia kukwangua, unatoka na tabaka la kucha yenyewe na jeli mpya haitashika. Kuandaa kucha ni dakika 15. Kupaka na kukausha ni 30. Mteja anasimama baada ya dakika 70, anapiga picha, anatuma hela, anaondoka.

Wewe hujamaliza. Foili na pamba zenye asetoni zinafungwa kwenye mfuko na kutolewa nje ya chumba, la sivyo unavuta ule mvuke hadi jioni. Unga unafutwa kwa kitambaa chenye maji. Ukipuliza au kufagia, unaupeleka kwenye mapafu yako na kwenye chupa zilizo wazi. Taa inazimwa, inapoa, inafutwa ndani kwa spiriti, kona kwa kona. Vyuma, yaani kisukumio na koleo ya ngozi, vinasuguliwa kwa sabuni na burashi kwanza, kwa sababu uchafu unaua nguvu ya dawa. Kisha vinaloweshwa kwenye jiki. Kwa jiki ya asilimia 3.5, changanya sehemu 1 na sehemu 6 za maji, dakika 10, halafu suuza na ukaushe mara moja kwa sababu klorini inalisha chuma kutu. Mchanganyiko wa jana umwage. Na jiki isikutane kamwe na asetoni wala spiriti. Inatoa gesi na kemikali za sumu.

Mikono yako inatumika dakika 20 hapo. Zile dakika 10 za kulowesha sizihesabu, mradi una seti ya pili ya vyuma ya kumwanzia mteja anayefuata. Ukiwa na seti moja tu, utamkalisha mteja akisubiri, au utatoa vyuma kabla ya wakati, na la pili ndilo linalotokea siku ya foleni ya Jumamosi.

Dakika zote ni 90. Kuzipa bei, anza na unachotaka kubaki nacho, tuseme Sh 400,000 kwa mwezi, na meza ya Sh 5,000 kwa siku, ambayo ni 130,000. Gawa 530,000 kwa wateja 78, kisha kwa dakika 90. Kila dakika ni kama Sh 75. Kwa hiyo usafi peke yake ni Sh 1,500 kwa mteja, mara tano ya ile rangi uliyoanza nayo.

Sasa jumlisha. Kupaka 1,140, vya kutupa 2,760, taa na umeme 75, jiki na sabuni 150, muda 6,750. Weka na Sh 285 ya marekebisho ya bure, ikiwa mmoja kati ya kumi anarudi na anakula nusu saa yako na vifaa vya Sh 600. Tunafika karibu Sh 11,200. Unatoza 10,000.

Ondoa sasa ile jeli ya zamani. Mteja aje na kucha tupu: zinatoka Sh 720 za vifaa na dakika 25 zenye thamani ya karibu Sh 1,900. Gharama inashuka hadi kama 8,600. Ina maana elfu kumi yako ni bei halali ya kucha tupu, na mteja huyo anakuachia Sh 1,400 juu ya mshahara wako. Yule wa kuondoa anakurudisha nyuma Sh 1,200. Wakiwa wawili kati ya watatu wako kila siku, vifaa vyote vinakula kama Sh 308,000 kwa mwezi, na ukishalipa meza unafunga na kama Sh 342,000. Laki sita uliyokuwa unaitarajia ilitoka kwenye hesabu ya rangi na meza tu.

Bei zigawe mbili. Kupaka ibaki elfu kumi. Kuondoa jeli ya zamani itajwe peke yake kwa Sh 3,000, hata kama uliipaka wewe mwenyewe. Swali liulizwe mteja anapoweka miadi: "Una jeli kwenye kucha sasa hivi?" Akijibu ndiyo, mwandikie saa moja na nusu kwenye daftari, na dakika 20 za mwisho usimpangie mtu.