Kuota Hija si kuitwa Hija

Wiki hii nimeletewa tena kauli ileile: mtu ameota yuko Makka, jirani akamwambia kwamba ameitwa, na sasa anatafuta mnunuzi wa shamba. Hija humlazimu mwenye uwezo, na ndoto haimwongezei mtu nauli. Mtume mwenyewe, mwaka wa 6 wa Hijria, aliota anaingia Msikiti Mtakatifu pamoja na masahaba zake. Walifunga safari, wakazuiwa Hudaibiya, karibu na Makka. Umar alipohoji, Mtume alimuuliza kama aliwahi kumwambia kuwa ingekuwa mwaka ule. Waliingia mwaka uliofuata. Ndoto ya Mtume ni kweli isiyo na shaka, na bado haikuja na tarehe. Jirani ameipata wapi?

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba muotaji haulizwi aliamka na nini moyoni. Inasimuliwa kwamba watu wawili walimwendea Ibn Sirin wa Basra, mfasiri wa ndoto, kila mmoja ameota anaadhini. Ibn Sirin alimwambia mmoja kwamba atahiji, na wa pili kwamba atakatwa mkono kwa wizi, kwa jinsi alivyoziona hali zao. Mwenye shauku huamka na machozi mepesi na hutamani kulala tena ili arudi alikokuwa, ilhali mwenye hatia huamka akiwa mzito, na mara nyingi ndoto humwachia kikwazo kimoja kidogo anachokikumbuka kuliko Kaaba yenyewe.

Mama mmoja wa Tanga aliota mara tatu kwamba anatufu huku amevaa ndara zisizovulika, na watu wote wanamtazama miguu. Nilimuuliza ndara zilikuwa za nani. Alinyamaza kitambo, akasema ni za dada yake. Marehemu alikuwa amemwekea amana akiba yake ya Hija, naye akaezekea nyumba, akitumaini kuirudisha kabla haijahitajika. Hapo hapakuwa na wito wa kusafiri bali deni, na deni lile ni haki ya urithi wa marehemu. Nilimshauri awaeleze warithi, alipe kwa mafungu, na kwa kuwa dada alikuwa na uwezo akafa bila kuhiji, fedha hizo zitumike kwanza kumhijia kwa badala. Wa kumhijia awe mtu aliyekwisha kuhiji mwenyewe, kwa hiyo si yeye mama, hata kama ndoto ilimweka yeye mbele ya Kaaba.

Nakiri jambo moja linalonisumbua: pengine ndara zilikuwa ndara tu, na ni swali langu lililozipa mmiliki, kwa kuwa mtu aliyetoka usingizini hujibu kwa kufuata anachoulizwa. Deni lilikuwa la kweli, lakini siwezi kuapa kwamba ndiyo ndoto iliyolileta. Baada ya kulipa fungu la kwanza aliota tena, ndara bado zikiwa miguuni, akanijia kuuliza maana yake, nami sikuwa na jibu la kumpa.