Kikapu hakirefushi, jimnastiki haidumazi

“Mwanangu ana miaka 13 na ni mfupi. Nimwandikishe mpira wa kikapu arefuke? Nasikia jimnastiki inadumaza.”

Mchezo haumpi mtoto kimo. Unachagua wenye kimo unachokitaka. Mwili mfupi huzunguka hewani kwa urahisi, ndiyo maana bingwa wa Olimpiki Simone Biles, mwenye kama sentimita 142, si ajabu kwenye jimnastiki. Kikapu huwataka warefu, na hapo ndipo makocha wengi hukosea: hupima kimo cha leo wakidhani wanapima cha kesho.

Chukua wavulana wawili wa miaka 13. Wa kwanza ana sentimita 172, amebalehe mapema, na tayari amefikia asilimia 95 ya kimo chake cha utu uzima. Ataishia 181 hivi. Wa pili ana 152, sauti bado ya kitoto, amefikia asilimia 83 tu. Huyu ataishia 183. Kwenye mchujo anachukuliwa wa kwanza, kisha anapata kocha, mechi na miaka ya mazoezi. Wa pili anarudishwa nyumbani, na inaniuma, kwa sababu akija kurefuka hakuna anayemtazama tena.

Anthony Davis, nyota wa kikapu wa Marekani, alicheza kama mlinzi, nafasi ya wachezaji wafupi, kabla ya kuongezeka takriban sentimita 20 akiwa sekondari. Alibaki na ustadi wa mpira wa mchezaji mfupi.

Kwa hiyo mpime mwanao kila miezi 3, na uangalie pia kimo cha wazazi wote wawili. Kasi ikipanda ghafla, ndiyo kwanza anaanza kurefuka.