Je, umri wa gari ndio moshi wake?

*Kwa nini miji mingine inakataza gari za zamani, na moshi unapungua kweli?*

Unapungua pale sheria inapoangalia kinachotoka kwenye ekzosi. Mwaka ulioandikwa kwenye kadi ya gari ni dalili tu, tena dalili dhaifu.

Tazama London. Tangu Aprili 2019 kuna eneo ambamo gari chafu hutozwa pauni 12.50 kwa kila siku linapoendeshwa, na kamera ndizo zinazosoma namba. Agosti 2023 eneo hilo lilipanuliwa likafunika karibu mji wote. Gari la petroli linatakiwa lifikie Euro 4, kiwango cha Ulaya cha moshi wa magari, ambacho mengi ya kuanzia 2006 yanacho. La dizeli linatakiwa Euro 6, yaani takriban la Septemba 2015 kuja huku. Basi petroli ya 2006 inapita bure, na dizeli ya 2014 inalipa! Dizeli hutoa oksidi za nitrojeni kwa wingi, zile zinazowasha mapafu, na za Euro 5 zilikuwa zikifaulu maabara kisha zikichafua vibaya barabarani. Hewa ya London imekuwa nzuri zaidi, ingawa sehemu ya nafuu hiyo ingekuja hata bila tozo, maana kila mwaka wapo wanaobadilisha magari.

Sasa rudi Unguja, usimame Darajani asubuhi daladala zikipakia. Magari yetu mengi yametumika kwanza ng'ambo, na la petroli lilitoka kiwandani na masega: kopo la chuma chini ya uvungu, ndani yake vijitundu kama vya nyumba ya nyuki, vilivyopakwa platinamu, paladiamu na rodiamu. Kaboni monoksidi ikipita humo hugeuka kaboni dioksidi, na oksidi za nitrojeni hurudi kuwa nitrojeni ya kawaida.

Niliwahi kusimama kwenye gereji moja mjini fundi akilikata kopo hilo. Masega yalikuwa yameziba, gari halivuti. Akachomelea bomba tupu mahali pake, na vile vipande vya kijivu vikatiwa mfukoni kwenda kuuzwa kwa ajili ya madini yake. Gari likavuta vizuri. Tangu siku ile sumu yote inatoka kama ilivyo, na haionekani kwa macho, kwa hiyo hakuna abiria atakayelalamika.

Ukomo wa umri wa gari linaloingizwa bandarini haulioni bomba lile. Gari la miaka 7 lililokatwa masega linaweza kuchafua kuliko la miaka 15 lenye masega mazima. Ukitaka kujua, chungulia uvunguni kati ya injini na sailensa: pakiwa na bomba jembamba lenye weldi mbili mpya, pameondolewa kitu.

Mimi ningetaka ukaguzi uingize kipimo ndani ya ekzosi. Ila injini iwe imeshapata moto, kwani masega huanza kufanya kazi yakifika karibu nyuzi 300, na gari zima likipimwa baridi litaonekana bovu.