Alama Moja ya Reli ya Uganda

«Binti yangu wa kidato cha tatu hapa Nairobi alipata 8 kati ya 12 katika swali la historia, na kila alichoandika ni kweli. Kwa nini alama zilipungua, na barua yake kwa mwalimu iseme nini?»

Nilipokuwa kidato hichohicho niliandika barua ya kurasa mbili nikidai alama za swali kama hili. Nilimthibitishia mwalimu kwamba reli ilianza Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901, na kwamba vibarua wapatao 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi. Alinijibu kwa mstari mmoja: hakuna aliyekana hayo. Nilikuwa nimedhani kwamba alama hulipwa kwa ukweli, na kwamba ukweli mwingi hulipwa zaidi. Dhana hiyo inaharibu barua nyingi kwa sababu inamfanya mwanafunzi atetee kitu ambacho hakijashambuliwa, huku akiacha bila kugusa jambo ambalo msahihishaji aliliangalia hasa. Mwalimu anayesoma barua ya namna hiyo hana pa kurudi katika karatasi. Anaweza kukubaliana na kila sentensi, na alama ikabaki palepale. Mbaya zaidi ni barua inayotaja juhudi, usiku wa kusoma na wastani wa muhula uliopita, kwa kuwa mwongozo wa kusahihisha hauna mstari wa mambo hayo.

Mwongozo unaanza na kitenzi cha swali. Swali likisema «taja», kila hoja kwa kawaida ni alama moja. Likisema «eleza», kama swali la alama 12 linalotaka hoja sita, kila hoja ni alama mbili: moja ya hoja yenyewe, nyingine ya maelezo yanayoonyesha jinsi au kwa nini.

Fikiria kibanda cha chai. Hoja ni kikombe, maelezo ni chai, na msahihishaji analipia vikombe sita vilivyojaa. Kikombe kitupu hulipwa nusu. Ukimimina chai hadi ikafurika katika kikombe cha kwanza, bado umeuza kikombe kimoja, na takwimu zangu za vibarua zilikuwa chai iliyomwagika mezani. Ukileta kikombe kilekile mara ya pili kwa jina jingine, hulipwi tena. Kisa kigumu ni chai iliyomiminwa katika kikombe cha jirani: ipo na imelipiwa jasho, lakini msahihishaji mwenye rundo la karatasi hupita bila kuiona.

Chukua swali «Eleza matokeo sita ya ujenzi wa Reli ya Uganda», na tuseme karatasi ina hoja hizi. Kukua kwa miji, kupotea kwa ardhi kwa walowezi na kuanza kwa kazi ya ujira zote zimeelezwa, hivyo zina alama 6. Hoja ya nne, «biashara ilikua», imeishia hapo: 1. Ya tano, «Wahindi walihamia nchini», pia 1. Ya sita inasema Nakuru ilikua, jambo ambalo tayari limo katika hoja ya miji: 0. Jumla ni 8, na kwa mtazamo wa kwanza msahihishaji hakukosea. Lakini chini ya namba sita, baada ya Nakuru, kuna sentensi ya pili: baadhi ya vibarua wa Kihindi walibaki na kufungua maduka kando ya reli. Hayo ni maelezo ya hoja ya tano.

Kwa hiyo barua nzima inaweza kuwa hivi:

«Mwalimu, naomba uangalie tena hoja ya tano ya swali hili. Nilipewa alama moja ya kutaja. Maelezo yake yako katika sentensi ya pili chini ya namba sita, ambako niliyaweka kimakosa. Nakubali kwamba hoja ya nne haikuelezwa na kwamba ya sita inarudia ya kwanza. Ombi langu ni alama moja, kutoka 8 hadi 9.»

Kukubali makosa mawili kunaonekana kama kujinyima, ilhali ndiko kunakoonyesha kwamba mwandishi ametumia kipimo kilekile cha msahihishaji. Hata hivyo, mwalimu anaweza kukataa kwa haki, kwa kuwa baadhi ya walimu hudai maelezo yafuate hoja yake papo hapo, na utaratibu huo si sawa katika kila shule. Vilevile anayefungua karatasi upya anaweza kugundua kwamba mojawapo ya hoja zilizopewa mbili ilistahili moja. Kabla ya yote, binti ajumlishe alama zilizoandikwa pambizoni: kosa la hesabu halihitaji hoja yoyote ya historia.