Je, wajua? Ukishafunga nusu ya tredi, SL yako haina haraka ya kwenda brekiiveni

"Kwa nini kila nikifunga nusu ya faida na kusogeza SL kwenye brekiiveni, bei inarudi kunigonga halafu inaondoka bila mimi mpaka kwenye tageti yangu? Nisiposogeza nayo inakula SL nzima. Nifanyeje?"

Kwa sababu bei uliyoingilia mara nyingi ndiyo sehemu ambayo soko lina sababu ya kurudi, na kwa sababu ukishafunga nusu pale faida ilipolingana na riski yako, tredi nzima imeshafika sifuri hata kama SL haijasogezwa hata pipsi moja. Hiyo ya pili ndo watu wengi hawaijui, mimi mwenyewe nilitredi muda mrefu bila kukaa chini kuipigia hesabu, kwahiyo tuipige hapa taratibu.

Chukua EURUSD. Kuna rezistansi pale 1.0845, bei imeivunja kwenda juu, wewe umenunua 1.0850 kwa loti 0.10. SL iko 1.0820, yaani pipsi 30 chini, TP iko 1.0940, yaani pipsi 90 juu. Kwa loti hiyo pipsi moja ni dola 1, kwahiyo riski yako ni dola 30 na hiyo dola 30 ndo tunaiita R moja. TP yako ni 3R.

Bei inapanda hadi 1.0880, umefika 1R. Unafunga loti 0.05, dola 15 zinaingia mfukoni, zimebaki loti 0.05. Sasa simama hapo kwanza usiguse SL. Bei ikigeuka ikashuka mpaka 1.0820 ile SL ya mwanzo, loti 0.05 zilizobaki zinapoteza pipsi 30 kwa senti 50 kila pipsi, yaani dola 15. Ulichovuna dola 15, ulichopoteza dola 15. Umetoka bila kitu na bila hasara, toa kamisheni tu. Yaani brekiiveni unayo tayari, umeinunua kwa kutoa nusu ya mzigo mapema! Ukihamisha tena SL mpaka 1.0850 unalipia bima ileile mara ya pili, na safari hii malipo yake ni nafasi ya tredi kupumua.

Na itahitaji kupumua. Rezistansi ikivunjwa kuna watu waliouza pale 1.0845 wamenasa kwenye hasara, wakiona bei imerudi kwenye bei yao wanatoka, na kutoka kwenye kuuza ni kununua. Kuna wengine walikosa treni wanasubiri irudi waingie. Ndo maana mara nyingi bei inaenda kidogo, inarudi kupima ule mstari uliovunjwa, kisha ndo inaondoka. Kwenye mfano wetu inatoka 1.0880 inashuka 1.0846 inapima, halafu inaenda 1.0940. SL yako ya brekiiveni pale 1.0850 imekaa katikati ya njia ya kurudia, imegongwa kwa pipsi 4 tu. Umeondoka na dola 15, wakati ungeacha SL ilipo ungepata dola 15 za kwanza na dola 45 za nusu ya pili, jumla 60. Hakuna aliyekuwa anakuwinda, uliweka SL kwenye sehemu ambayo soko lilikuwa na kazi nayo.

Sasa mtu atasema ndio lakini mara nyingi brekiiveni imeniokoa. Ni kweli kabisa imekuokoa, swali ni imekuokoa mara ngapi na imekunyima mara ngapi. Hapa kuna kipimo naona kila mtu anayetredi angekuwa nacho. Tuseme soko halina upande wowote, bei inapanda na kushuka kama sarafu inayorushwa, na uko palepale kwenye bei ya kuingilia. TP iko umbali wa 3R, SL ya mwanzo iko umbali wa 1R. Nafasi ya kufika TP kabla ya SL ni moja kwa nne. Kwahiyo chukua tredi 20 zilizotolewa kwenye brekiiveni: kwa bahati tupu 5 zingerudi juu mpaka TP, 15 zingeenda kula SL. Zile 15 zimekuokolea nusu R kila moja, jumla 7.5R. Zile 5 zimekunyima R moja na nusu kila moja, jumla 7.5R vilevile. Zinalingana kabisa!

Maana yake kwenye soko la sarafu brekiiveni haikuongezei wala haikupunguzii, inabadilisha tu sura ya matokeo, unapata ushindi mdogomdogo mwingi badala ya ushindi mkubwa wa nadra. Lakini wewe unatredi kwa sababu unaamini mfumo wako una kitu zaidi ya sarafu. Kama unacho kweli, basi kati ya zile 20 zilizogongwa zitakazofika TP zitakuwa zaidi ya 5. Zikiwa 8, umeokoa 6R (mara 12 kwa nusu R) na umenyimwa 12R (mara 8 kwa moja na nusu), yaani ile brekiiveni imekugharimu 6R ndani ya tredi 20 tu, wakati wewe ulikuwa unajisikia salama muda wote.

Kwahiyo kabla hujabadilisha chochote fungua historia yako, tafuta tredi zote zilizokutoa kwenye brekiiveni, nenda kwenye chati ya kila moja uangalie kitu kimoja: baada ya kutolewa, bei ilifika TP ya mwanzo kwanza au SL ya mwanzo kwanza? Hesabu. Kwa TP ya 3R mstari ni robo, kwa TP ya 2R mstari ni theluthi. Ukiwa juu ya mstari unajitoa mapema, ukiwa chini ya mstari brekiiveni inakusaidia iache ilivyo. Tredi 10 hazitoshi kusema kitu, angalau 40 hivi na ziwe za setapu ileile, usichanganye za kuvunja rezistansi na za kugeuka kwenye saporti kwa sababu zinarudi kwa tabia tofauti. Angalizo kwa wa MT4, ukifunga nusu ile iliyobaki inapewa namba mpya ya tiketi, kwahiyo kwenye historia tredi moja inaonekana kama mbili, ziunganishe kwanza usije ukahesabu ushindi mara mbili.

Sasa SL isogezwe lini. Mimi nasogeza chati inaponipa sababu, faida kufika kiasi fulani peke yake sio sababu. Turudi EURUSD: bei imeshuka 1.0846, imegeuka, imepanda na mshumaa umefunga juu ya 1.0880 ile kilele ya kwanza. Hapo ndo 1.0846 imekuwa bonde halisi, wanunuzi wameonyesha wanalilinda, na bei ikilivunja wazo langu la kununua limekufa. SL naipeleka chini ya bonde hilo, 1.0838 hivi, nikiacha nafasi ya spredi na mikwaruzo. Angalia hiyo iko chini ya bei niliyoingilia! Watu hawapendi kuona hivyo lakini piga hesabu, ikigongwa nusu iliyobaki inapoteza pipsi 12 ambazo ni dola 6, na dola 15 nilishaweka mfukoni, natoka na dola 9. Baadaye bei ikienda 1.0915 ikarudi 1.0890 ikageuka na kuvuka 1.0915, SL inapanda chini ya 1.0890, na hapo brekiiveni imepitwa yenyewe bila kuilazimisha.

Kuhusu ile ya kuvuna mapema nayo ina bei yake. Ukifunga nusu kwenye 1R, tredi yako bora kabisa haiwezi kuzidi 2R hata ikifika TP. Kama nusu inakuumiza funga theluthi, ila ujue theluthi haikupi ile brekiiveni ya bure, SL ya mwanzo ikigongwa unabaki na hasara ya theluthi ya R. Mimi naona sehemu nzuri ya kuvuna ni pale chati ina kizuizi kinachoonekana, kilele cha jana kwa mfano, sio namba ya 1R kwa sababu tu ni 1R. Kizuizi kikiwa kwenye 1.5R vuna hapo. Kikiwa kwenye 0.5R basi tredi yenyewe ina shida tangu mwanzo, kuivuna mapema hakuiponyi. Na kama unatredi loti 0.01 huwezi kuigawa, hiyo mara nyingi ndo ndogo ya mwisho, kwahiyo panga kuanzia 0.02 kwa nusu au 0.03 kwa theluthi, au ikishindikana chagua TP moja uiache.

Kitu cha mwisho ni cha wanaouza, maana kinawachanganya wengi. Chati ya MT4 na MT5 kwa kawaida inachora Bid, lakini tredi ya kuuza inafungwa kwa Ask ambayo iko juu yake kwa kiasi cha spredi. Kwahiyo SL ukiiweka sawasawa na bei uliyouzia inaweza kugongwa wakati kwenye chati bei haijaufikia mstari wako, hasa saa siku ya soko inapofungwa, saa 11 jioni ya New York, ambapo spredi inatanuka sana kwa dakika kadhaa. Ukiona umetolewa kwenye brekiiveni ya kuuza na mshumaa haujagusa, angalia saa kwanza kabla hujamlaumu broka. Na brekiiveni ya kweli ina kamisheni ndani yake, kama unakatwa dola 7 kwa loti moja kwenda na kurudi hiyo ni pipsi 0.7 kwenye EURUSD, kwahiyo siku unapoamua kweli kusogeza, sogeza pipsi moja kupita bei ya kuingilia upande wa faida, ukiiweka palepale utatoka na hasara ndogo.

Kuna wakati SL ya brekiiveni ya mapema ni sahihi. Mtu anayetredi mshtuko wa habari, wazo lake ni kwamba bei iondoke sasa hivi isirudi nyuma, ikirudi pale alipoingilia wazo limeshakufa, huyo atoke. Wewe unayevunja rezistansi wazo lako linaruhusu bei irudi kupima, tena linaitegemea, na wazo lako linakufa chini ya bonde lile la 1.0846, halifi pale 1.0850.