Tangazo la Kikundi Linalojituma Saa Uliyopanga

Tuseme ni Alhamisi usiku. Katibu wa kikundi anataka wanachama wapate tangazo la mkutano Jumamosi saa 1 asubuhi, na saa hiyo yeye atakuwa safarini, simu imezimwa. Je, tangazo litafika? Inategemea ujumbe unasubiri wapi.

Kwenye Telegram, andika tangazo, kisha badala ya kugusa kitufe cha kutuma, kishikilie kidogo. Patatokea chaguo la “Schedule Message”, uchague siku na saa. Ujumbe huo unatunzwa kwenye seva za Telegram, kwa hiyo utatoka hata kama simu ya katibu imezimwa. Signal ya Android nayo hupangiwa muda kwa kushikilia kitufe hichohicho, ila ujumbe hubaki ndani ya simu. Simu isipokuwa imewashwa na ina intaneti saa ile, tangazo haliendi. Katibu wetu akitumia Signal, atakwama.

Kuna makosa mawili ninayaona mno. La kwanza ni saa. Saa 1 asubuhi kwenye simu ni 07:00. Ukichagua 01:00, kikundi kizima kitaamshwa saa 7 usiku. La pili ni neno “kesho”. Likiandikwa Alhamisi na kusomwa Jumamosi, wanachama watauelewa mkutano kuwa ni wa Jumapili. Andika siku na tarehe kamili. Na mkutano ukiahirishwa, fungua orodha ya jumbe zilizopangwa uufute ule wa zamani, maana programu haijui kwamba mambo yamebadilika.

Ukishikilia kitufe cha kutuma na chaguo la muda lisitokee popote, huenda programu yako haina huduma hiyo. Hapo wengi hukimbilia matoleo ya WhatsApp yasiyo rasmi, kama GB WhatsApp. Nasihi sana msifanye hivyo: WhatsApp huweza kuifungia akaunti inayotumia matoleo hayo. Kuna pia programu za pembeni zinazoomba ruhusa ya ufikivu ili zibonyeze kitufe kwa niaba yako. Ruhusa hiyo huziwezesha kusoma yaliyo kwenye skrini, zikiwemo namba za siri za muda zinazotumwa na benki. Tangazo la mkutano halistahili hatari hiyo.

Njia salama ni ya mikono. Andika tangazo lote mapema na ujitumie mwenyewe. WhatsApp inaruhusu kujiandikia. Usiliache kwenye kisanduku cha kikundi, kwani kidole kikiteleza limeshaenda. Weka kengele ya 06:55, kisha saa ikifika nakili na ubandike kwenye kikundi.

Lakini katibu wetu simu yake imezimwa, na kengele haitamsaidia. Yeye ampe admini wa pili maandishi yaleyale tangu Ijumaa, pamoja na saa ya kuyatuma, na wakubaliane kwamba ni huyo mmoja tu atakayetuma, ili kikundi kisipate tangazo mara mbili.