Nakala imekamilika, lakini ni nzima?

"Kompyuta imemaliza kunakili bila kuonyesha kosa. Si faili ziko sawa?"

Si lazima. Kwa kawaida kompyuta hairudi kusoma ilichoandika. RAM mbovu ikigeuza biti moja njiani, jina na ukubwa wa faili hubaki vilevile. Hapa Kisumu nilihamishia picha za harusi kwenye flashi. Wiki mbili baadaye moja ikafunguka nusu, chini kijivu tupu.

Sasa, kabla ya kunakili, ndani ya folda ya picha naandika kwenye terminal ya Linux:

```
sha256sum *.jpg > orodha.txt
```

Kila picha hupata hashi yake, yaani alama inayokokotolewa kutokana na yaliyomo ndani yake, ya herufi na tarakimu 64. Nanakili picha pamoja na orodha, naitoa flashi kwa utaratibu, kisha naichomeka upya. Usiruke hatua hiyo (mimi niliwahi kuiruka): kompyuta yaweza kukagua nakala iliyobaki kwenye RAM, si iliyo kwenye flashi. Halafu, ndani ya folda ya flashi:

```
sha256sum -c orodha.txt
```

Iliyoharibika huonyesha `FAILED`. Hashi haiirekebishi; nakili picha hiyo tena kutoka kadi ya kamera, kwa hiyo kadi usiifute mapema. Na picha iliyoharibika kabla ya orodha kutengenezwa itapita ikisema `OK`.